Siku 5, usiku 4: jinsi dai la gharama za safari linavyokaguliwa

Kila mwaka, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapowasilisha ripoti yake katika Bunge la Uganda, redio na magazeti hujaa habari za posho zilizolipwa kupita kiasi na masurufu yasiyotolewa hesabu. Wengi wakisikia hivyo huwaza wizi tu. Mfanyakazi ambaye fomu yake imerudishwa na ofisi ya fedha wiki hiyo hiyo naye hujiona amewekwa kwenye kapu moja na wezi. Lakini dai la gharama linaweza kuwa na kasoro kubwa bila mtu yeyote kukusudia kuiba. Kasoro zenyewe kwa kawaida ni za aina tatu: hesabu iliyoteleza, risiti iliyoingia mara mbili, na posho iliyozidishwa kwa idadi ya siku isiyo sahihi.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Masurufu ni fedha anazopewa mfanyakazi kabla ya safari ya kazi, ili azitumie kisha azitolee hesabu. Dai ni fomu anayoijaza akirudi, ikionyesha alichotumia na kuambatanishwa na risiti. Posho ya usiku hulipwa kwa kila usiku aliolala nje ya kituo chake cha kazi, na posho ya siku hulipwa kwa siku aliyokuwa safarini bila kulala huko. Ukaguzi wa dai ni kulinganisha fomu hiyo na safari ilivyokuwa kweli, na safari haijulikani kwa kusoma fomu peke yake.

Tuchukue dai moja la mfano. Afisa wa shirika lenye ofisi Kampala alitumwa Gulu kuendesha mafunzo. Aliondoka Jumatatu tarehe 28 Aprili 2025 saa sita mchana, akarudi Kampala Ijumaa tarehe 2 Mei saa moja jioni. Alikuwa amepewa masurufu ya shilingi 1,300,000. Kanuni za shirika hilo zinasema posho ya usiku ni 120,000, na siku ya kurudi, kama mtu amefika baada ya saa saba mchana, hulipwa posho ya siku ya 30,000. Fomu yake ilisomeka hivi:

- Posho, siku 5 × 120,000: 600,000
- Nauli ya basi kwenda na kurudi, 2 × 50,000: 100,000
- Ukumbi, siku 2 × 150,000: 300,000
- Chai ya washiriki: 159,000
- Wino wa printa na karatasi, pamoja na kodi: 139,240
- Malipo kwa simu, vifaa: 118,000
- Bodaboda mjini Gulu: 20,000
- Jumla: 1,416,240

Kwa hesabu hiyo, shirika linadaiwa na afisa 116,240 zaidi ya masurufu aliyochukua.

Wakaguzi wengi wapya huanza na rundo la risiti. Si vibaya, ila ni kuanza mwisho. Jenga safari kwanza: aliondoka lini, alilala wapi, alifanya nini kila siku, alirudi saa ngapi. Ukishajua hayo, utajua ni risiti zipi zinawezekana na zipi haziwezekani. Tena posho ndiyo sehemu isiyo na risiti, na mara nyingi ndiyo mstari mkubwa kuliko yote kwenye fomu. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa posho haidai risiti, haikaguliwi. Kisichodaiwa risiti ni matumizi ya posho hiyo, maana mtu aliyelala kwa shangazi yake Gulu na kubakiza fedha hajavunja kanuni pale ambapo posho ni kiwango kimoja kwa wote. Idadi ya usiku, hata hivyo, ni lazima ithibitike.

Afisa wetu aliandika siku 5, na hakudanganya: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni siku tano. Lakini posho inafuata usiku. Alilala Gulu usiku wa tarehe 28, 29 na 30 Aprili na usiku wa tarehe 1 Mei, na usiku wa tarehe 2 alikuwa nyumbani kwake. Nguzo tano za uzio zina mapengo manne tu, na usiku ndio mapengo. Kwa hiyo anastahili 4 × 120,000, yaani 480,000, pamoja na posho ya siku 30,000 kwa siku ya kurudi. Jumla ni 510,000 badala ya 600,000. Tofauti ni 90,000.

Kosa hili hutokea zaidi safari inapovuka mwezi kama hii, kwa sababu mtu hawezi kutoa 28 kwenye 2 kichwani. Huanza kuhesabu kwa vidole, na kidole cha kwanza huwekwa kwenye siku ya kuondoka. Kwenye lahajedwali, tarehe mbili zikitolewa hutoa idadi ya usiku, na ukiongeza moja unapata siku. Ikiwa tarehe ya kuondoka iko B2 na ya kurudi iko C2:

```
usiku:  =INT(C2)-INT(B2)
siku:   =INT(C2)-INT(B2)+1
```

`INT` iko pale kuondoa saa, kwa sababu tarehe iliyoandikwa pamoja na saa hutoa jibu lenye desimali, na mtu akilikadiria kwenda juu hupata usiku wa bure. Angalia pia kompyuta imepangwa kusoma tarehe kwa mtindo gani. Ile inayotanguliza mwezi itasoma 2/5/2025 kuwa tarehe 5 Februari, na 28/4/2025 itaiacha kama maandishi tu kwa kuwa hakuna mwezi wa 28. Dalili yake huonekana kwa macho: tarehe iliyoeleweka hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na iliyobaki maandishi hukaa kushoto.

Kanuni zinatofautiana kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine, na mkaguzi hana ruhusa ya kutumia anayoipenda. Wengine hulipa kwa kila saa 24 zilizokamilika. Tangu Jumatatu saa sita mchana hadi Ijumaa saa moja jioni ni siku nne na saa saba, kwa hiyo hapa ingetoka 4 vilevile. Wengine hupunguza posho ikiwa mwenyeji amelipa hoteli pamoja na chakula. Hilo halionekani kwenye fomu. Linaonekana kwenye barua ya mwaliko. Isome hadi mwisho, kwa kuwa maneno kama "malazi na mlo vitagharamiwa na waandaaji" hupenda kujificha kwenye aya ya mwisho.

Na tarehe 1 Mei, Siku ya Wafanyakazi, ambapo mafunzo hayakufanyika? Kuna dhana kwamba sikukuu na Jumapili hukatwa kwenye posho. Ikiwa kazi ilimtaka awe Gulu Jumatano na tena Ijumaa asubuhi, usiku wa Alhamisi ni wa mwajiri, kwani kumrudisha Kampala kwa siku moja kungegharimu nauli mbili zaidi. Swali la haki ni kama kikao cha Ijumaa kilikuwepo kweli. Orodha ya mahudhurio ya siku hiyo ndiyo inayojibu.

Ushahidi wa usiku hupatikana mahali pengi: tiketi za basi zenye tarehe na saa, ankara ya hoteli inayoonyesha siku ya kuingia na ya kutoka, orodha za mahudhurio, na kama alitumia gari la ofisi, daftari la safari za gari. Ankara ya hoteli inafaa zaidi kwa sababu hoteli nayo hulipisha kwa usiku. Ikisema usiku 4 na fomu ikasema 5, huhitaji kuendelea kutafuta.

Kabla ya kuondoka kwenye siku, fungua madai mengine ya mtu huyo huyo. Usiku mmoja hauwezi kulipwa mara mbili, lakini safari inayovuka mwezi inaweza kugawanywa kwenye fomu mbili: ya Aprili ikasema usiku wa tarehe 28, 29 na 30, yaani usiku 3, na ya Mei ikasema 30 Aprili hadi 2 Mei, usiku 2. Kila fomu ukiisoma peke yake inaonekana safi, ila usiku wa tarehe 30 umelipwa kotekote. Kanuni rahisi ni kwamba usiku ni wa tarehe ulipoanzia. Chora kalenda ya mfanyakazi kwa mwezi mzima, weka alama moja kwa kila usiku uliolipwa, na kisanduku chenye alama mbili kitajionyesha.

Sasa ziendee risiti. Watu hudhani risiti iliyorudiwa ni karatasi mbili zinazofanana. Hiyo ni namna nyepesi kuliko zote, na mkaguzi hahitaji ujuzi kuigundua. Iliyo ngumu ni manunuzi mamoja yenye hati mbili zisizofanana: ankara na risiti yake, risiti na ujumbe wa malipo ya simu, risiti halisi na nakala iliyotolewa kwa sababu wino ulikuwa unafifia. Risiti za mashine hufifia kweli zikikaa kwenye joto, ndiyo maana wafanyakazi makini hutoa nakala, na ndiyo maana nakala hiyo hurudi miezi miwili baadaye ikiwa na maisha yake yenyewe.

Kwa risiti zilizotolewa kupitia EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) ulioanza kutumika Januari 2021, kazi ni nyepesi. Kila hati ina namba yake, inayosomeka FDN, pamoja na msimbo wa kuhakiki na alama ya QR. Ikichapishwa upya hata mara kumi, FDN haibadiliki. Kwa hiyo hulinganishi sura za karatasi, unalinganisha namba. Kwenye dai letu kuna risiti mbili za ukumbi, hoteli ile ile, kiasi kile kile cha 150,000, moja ya tarehe 29 na nyingine ya tarehe 30. Mkaguzi mwenye haraka angekata moja. FDN zake ni tofauti, na mafunzo yalifanyika siku hizo mbili. Zote ni halali. Kufanana kwa kiasi ni sababu ya kuuliza, si sababu ya kukata.

Mstari wa "malipo kwa simu, vifaa" ni habari nyingine. Ujumbe wa simu unaonyesha 118,000 zililipwa kwa duka la vifaa vya ofisi. Risiti ya wino na karatasi ni ya duka hilo hilo, siku hiyo hiyo, na jumla yake ni 118,000. Ujumbe wa simu ni ushahidi kwamba fedha ilitoka, na risiti ni ushahidi wa kilichonunuliwa. Ni pande mbili za ununuzi mmoja. Hizo 118,000 zinaondoka. Kinachoweza kubaki ni ada ya kutuma, kama kanuni za ofisi zinairejesha na kama aliidai. Afisa huyu hakuidai.

Kwa kutafuta marudio kwenye madai ya miezi mingi, andika risiti zote kwenye jedwali moja, safu moja ya TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya muuzaji, moja ya kiasi, na moja ya FDN iliyopangwa kuwa maandishi ili namba ndefu isigeuzwe umbo. Kisha hesabu muuzaji na kiasi kwa pamoja. Hapa TIN iko safu ya C na kiasi safu ya E:

```
=COUNTIFS($C$2:$C$500,C2,$E$2:$E$500,E2)
```

Jibu likizidi 1, vuta karatasi zenyewe uzitazame. Usichuje kwa jina la mfanyakazi, kwa sababu wenzake wawili waliopanda teksi moja wanaweza kudai nauli nzima kila mmoja, wakiwa na hati mbili na wasijue kabisa kwamba wamerudia.

Risiti za vitabu vya mkono hazina FDN. Hapo tegemea namba za mfululizo. Mgahawa wenye wateja wengi ukitoa risiti namba 0412 tarehe 3 na namba 0413 tarehe 21 kwa mfanyakazi yule yule, ama kitabu hicho kiliuza mara mbili tu katika siku 18, au kurasa zake zilichanwa pamoja siku moja. Hili ni swali la kumfuata muuzaji na kitabu chake mkononi.

Hesabu nimeziacha za mwisho kwa makusudi, kwa kuwa haina maana kujumlisha vizuri mistari ambayo nusu yake itaondoka. Kagua kwa mlalo kwanza, kiasi mara bei. Kisha kagua kama kila jibu limehamishwa sawasawa kutoka kwenye risiti hadi kwenye fomu. Jumla ya wima iwe ya mwisho.

Chai ya washiriki: orodha za mahudhurio za tarehe 29 na 30 zina watu 13 kila siku kwa siku hizo mbili, yaani vikombe na vitafunio 26, kila kimoja 7,500. Hiyo ni 195,000, na risiti inasema hivyo. Fomu inasema 159,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na tofauti yake, 36,000, inagawanyika kwa 9. Daima inagawanyika, kwa sababu tarakimu zikibadilishana nafasi thamani hubadilika kwa mafungu ya 9, 90, 900 na kuendelea hivyo. Sifuri iliyozidi nayo inaacha alama hiyo: 15,000 ikiandikwa 150,000, tofauti ni 135,000, na ukiigawa kwa 9 unarudishiwa 15,000 yenyewe. Kwa hiyo jumla zisipolingana, gawa tofauti kwa 9 kabla ya kuanza kupekua. Tahadhari ni kwamba tofauti inaweza kugawanyika kwa bahati tu, kwa hiyo kipimo hiki kinaelekeza pa kutazama bila kuthibitisha lolote.

Wino na karatasi: bei iliyo chini kabisa ya risiti ni 118,000, na kodi ya ongezeko la thamani, inayosomeka VAT, iko ndani yake tayari. Kodi hiyo ni asilimia 18 ya bei kabla ya kodi: 100,000 na 18,000. Afisa alichukua 118,000 akaongeza asilimia 18 juu yake, ikawa 139,240. Amelipisha kodi juu ya kodi, zaidi ya haki kwa 21,240. Ukitaka kutoa kodi kutoka kwenye bei iliyojumuisha kodi, zidisha kwa 18 ugawe kwa 118. Wanaochukua asilimia 18 ya 118,000 hupata jibu lile lile lisilo sahihi la 21,240, na ukiliona mahali popote jua limetoka wapi.

Mwisho, jumla. Jumlisha mistari saba ilivyoandikwa na afisa, utapata 1,436,240. Yeye aliandika 1,416,240. Tofauti ni 20,000 kamili, na 20,000 ni mstari wa bodaboda, wa mwisho. Bodaboda iliongezwa chini baada ya fomula kuandikwa, na `SUM` ikaendelea kuishia mstari wa juu yake. Kosa la jirani ni kiasi kilichoandikwa "UGX 20,000": kompyuta ikikisoma kama neno, `SUM` hukiruka kimya kimya. Yote mawili hugundulika kwa kujumlisha upya kwa kikokotoo cha mkononi. Hakuna njia nzuri zaidi.

Tukiweka yote pamoja: posho 510,000, nauli 100,000, ukumbi 300,000, chai 195,000, wino na karatasi 118,000, bodaboda 20,000. Jumla sahihi ni 1,243,000. Dai lilizidi kwa 229,240 upande mmoja, yaani posho, kodi na malipo ya simu, na lilipungua kwa 56,000 upande mwingine, yaani chai na bodaboda. Ukiangalia tofauti ya mwisho peke yake, 173,240, makosa mawili ya kumpunja afisa yanabaki yamefichwa ndani yake. Ndiyo sababu mkaguzi huandika kila kosa kwenye mstari wake na haruhusu makosa kufutana. Badala ya shirika kumlipa afisa 116,240, afisa anarudisha 57,000 zilizobaki kwenye masurufu.

Barua ya kumwuliza iwe fupi. Kila swali litaje mstari, kiasi kilichodaiwa, kiasi sahihi na hati inayoonyesha hivyo, na makosa mawili yaliyomwumiza yaandikwe pia. Neno "udanganyifu" halina nafasi humo. Nia haionekani kwenye fomu moja. Inaanza kuonekana pale usiku wa ziada unapojirudia safari baada ya safari, daima kuelekea upande mmoja, hata baada ya mtu kuelezwa.

Afisa akirudisha zile 57,000 kwa mtunza fedha na kupewa stakabadhi, kila risiti ipigwe muhuri wa "IMELIPWA" wenye tarehe na namba ya dai, pamoja na ujumbe wa simu uliochapishwa na nakala za risiti zilizofifia. Muhuri usifunike FDN wala alama ya QR, kwani mkaguzi wa nje atahitaji kuzisoma.